Eneo Lipo, Fomula Haipo

Mwalimu wa hesabu za kidato cha sita anaweza kuandika maswali mawili ubaoni, na mtu akiyatazama haraka akadhani ni swali moja. La kwanza linataka chanzo cha x·e^(−x²). La pili linataka chanzo cha e^(−x²). Mwanafunzi aliyejiandaa hulimaliza la kwanza kwa mstari mmoja. La pili halimalizi, wala mwalimu wake hatalimaliza, kwa sababu jibu la aina wanayoitafuta halipo.

Kwa "chanzo" nina maana hii. Mteremko wa grafu ya x² katika kila nukta ni 2x. Ukipewa 2x ukaulizwa ni mteremko wa nini, unajibu x², na hicho ndicho chanzo chake. Chanzo cha x·e^(−x²) ni −½e^(−x²). Kuhakiki ni rahisi: ukitafuta mteremko, e^(−x²) inabaki kama ilivyo na kuzidishwa kwa mteremko wa kipeo chake, yaani −2x, nayo −½ mara −2x ni x.

Swali la pili limenyimwa ile x ya mbele. Ukibadilisha herufi na kuweka u = x², unabaki na e^(−u) juu ya 2√u, na hiyo √u haikutoki. Ukiintegreti kwa vipande, x² inazuka mbele ya e^(−x²) na hesabu inakuwa ngumu kuliko ilivyoanza. Lakini kushindwa kwa njia mbili, hata mia mbili, si uthibitisho wa lolote. Huenda ipo hila ambayo hakuna aliyeifikiria. Wanahisabati wanasema jambo zito zaidi: hila hiyo haitapatikana kamwe.

Hawasemi kwamba e^(−x²) haina chanzo. Chora grafu yake. Utapata umbo la kengele lenye kimo cha 1 pale x ilipo 0, likishuka pande zote mbili bila kugusa mstari wa chini. Anzia 0, upake rangi chini ya grafu hadi kufika x. Eneo ulilolipaka ni namba kamili isiyo na utata, linakua kadiri x inavyosogea kulia, na kasi ya kukua kwake ni kimo cha grafu pale ulipofika. Basi eneo hilo lenyewe ndilo chanzo. Linakokotoleka pia, kwa mfululizo x − x³/3 + x⁵/10 − x⁷/42 na kuendelea. Weka x = 1: hatua tano za kwanza zinakupa 0.7475, na ukiongeza mbili zinazofuata unatua kwenye 0.7468, ambayo ni sahihi hadi tarakimu ya nne.

Kinachokosekana ni fomula yenye mwisho, iliyojengwa kwa vifaa vya orodha maalumu: namba, x, matendo manne ya hesabu, vipeo na vipeuo, e iliyopandishwa kwenye kipeo, logi, saini na kosaini pamoja na kinyume chake. Orodha hiyo tumeirithi kwenye vitabu vya shule. Si sheria ya maumbile.

Ukitaka kuona orodha inavyoamua, ipunguze. Tuseme tunaruhusiwa polinomia na sehemu zake tu. Je, 1/x ina chanzo? Ukitafuta mteremko wa 1/x unapata −1/x². Wa 1/x² unapata −2/x³. Kipeo cha chini kinaongezeka kila mara, kwa hiyo mteremko hautoi kamwe x moja peke yake chini. Kwenye orodha hiyo fupi, 1/x haina chanzo. Tumezoea kusema inacho kwa sababu tu tuliipa eneo lake jina, logi asilia, tukaliingiza kwenye orodha.

Mfaransa Joseph Liouville ndiye aliyelishughulikia suala hili kwa uzito, miaka ya 1830. Aliona kwamba kutafuta mteremko huacha nyayo. Kifaa kilichomo kwenye jibu lakini hakimo kwenye swali huonekana tena baada ya kutafuta mteremko: kipeuo kinabaki, e yenye kipeo kingine inabaki. Logi pekee huweza kutoweka, nayo ikiwa tu imezidishwa kwa namba tupu. Kwa kufuata nyayo hizo alithibitisha kwamba, kama e^(−x²) ina chanzo kwenye orodha ndefu, basi chanzo hicho lazima kiwe R·e^(−x²), ambapo R ni polinomia au sehemu ya polinomia. Huo ndio ugumu wote, na nakiri nimeupitisha hapa kwa muhtasari. Kilichobaki ni aljebra.

Tafuta mteremko wa R·e^(−x²), kisha ondoa e^(−x²) pande zote mbili. Unabaki na mlinganyo mmoja:

R′ − 2xR = 1

Kwanza, tuseme R ina asili, yaani kuna (x − a) iliyopandishwa kwenye kipeo k chini ya mstari wa sehemu (a ikiwa namba changamano, hoja haibadiliki). Tumeshaona kwa 1/x kwamba mteremko unaongeza kipeo cha chini, kwa hiyo R′ itakuwa na k + 1. Lakini 2xR haizidi k. Hakuna cha kuifuta ile ya k + 1, na upande wa kulia ni 1 tu. Basi R haina asili, ni polinomia. Polinomia yenye kipeo kikubwa n, ikizidishwa kwa 2x, inafikia n + 1, wakati R′ imeshuka hadi n − 1. Kile kipeo cha n + 1 hakina wa kukifuta, wala hakiwezi kuwa 1. R ikiwa sifuri, upande wa kushoto ni sifuri. Hakuna R.

Jaribu mlinganyo huo kwa swali la kwanza, ambako kulia kunakuwa na x badala ya 1: R = −½ inaingia bila tatizo.

Dawa yake ikawa ile ile ya logi: kulipa eneo jina. Mwaka 1871 Mwingereza Glaisher aliliita erf, akimaanisha fanksheni ya makosa ya vipimo. Ukiandika `=ERF(1)` kwenye Excel unapata 0.8427, ambayo ni ile 0.7468 mara 2/√π.

Hiyo π imetoka wapi? Eneo lote chini ya kengele, kutoka upande mmoja usio na mwisho hadi mwingine, ni √π kamili. Zidisha eneo hilo kwa lenyewe, nawe unapata ujazo wa mlima wa duara wenye kimo e^(−r²), r ikiwa umbali kutoka katikati. Ukate mlima kwa pete: pete ya umbali r ina mzunguko wa 2πr, kwa hiyo unajumlisha 2πr·e^(−r²), na sasa r iko mbele, chanzo kinapatikana, ujazo unatoka π. Ila hila hii inahitaji mlima mzima. Ukitaka eneo la kutoka −1 hadi 1 tu, mlima unasimama juu ya mraba, na pete zinazokaribia pembe zinakatika vipande. Kama ujazo wa mlima juu ya mraba wa upana wowote ungekuwa na fomula ya orodha ile, kipeuo chake cha pili kingekuwa fomula ya eneo, nayo ndiyo hiyo ambayo R′ − 2xR = 1 imeshaikataa.