Peni 95 za Ziada

Tumchukulie muuza viatu wa Manchester anayeuza kwa njia ya intaneti. Mteja wake yuko Berlin, ana kadi ya kawaida ya benki, ile inayokata pesa moja kwa moja kwenye akaunti, na ameagiza viatu vya pauni 100. Septemba 2021, katika pauni hizo, peni 20 zilibaki kwa benki ya huyo Mjerumani. Mwezi mmoja baadaye, kwa viatu vilevile na kadi ileile, benki hiyo ilibakiza pauni 1 na peni 15. Haikuwa imefanya kazi yoyote mpya.

Kinachozungumzwa hapa ni ada ya baina ya benki, kipande kilicho kikubwa mara nyingi katika makato ya kadi na kisichojulikana kabisa na wengi wanaokilipa. Muuzaji huona tu kwamba ameuza kwa 100 na akaunti yake imeingia pungufu. Hudhani zilizopungua zimechukuliwa na benki yake, au na Visa na Mastercard ambao nembo zao zimebandikwa mlangoni. Kwa kweli sehemu nzuri imekwenda kwa benki asiyoijua, ile iliyompa mteja kadi.

Njia ya pesa ni hii. Mteja anapobonyeza kitufe cha kulipa, ombi linatoka dukani kwenda kwa benki ya muuzaji, linapitia kwenye mtandao wa kadi na kufika kwa benki ya mteja, ambayo hutazama salio na kujibu ndiyo au hapana. Hayo yote ni sekunde chache, na pesa bado haijasogea. Husogea baadaye, mtandao unapojumlisha mauzo ya siku na kupiga hesabu ya benki ipi inadaiwa na ipi inadai. Hapo benki ya mteja inamkata mteja wake pauni 100 kamili, lakini haipeleki 100. Inajitolea ada yake kwanza, kisha inapeleka 98.85. Mtandao nao huzidai benki zote mbili ada zake wenyewe kwa hati tofauti. Benki ya muuzaji, ikiwa ya mwisho kwenye foleni, hujumlisha kilichokwisha kukatwa, huongeza faida yake, na kumkabidhi muuzaji kinachosalia.

Tuweke tarakimu. Tuseme ada za mtandao upande wa muuzaji ni peni 10 na benki yake inataka peni 30. Kabla ya Oktoba 2021 muuza viatu angepata 99.40. Baada yake anapata 98.45. Mtandao umebaki na peni zake 10 na benki yake na peni zake 30. Zile 95 zote zimevuka bahari kwenda Ujerumani.

Nani alipandisha? Si benki ya Ujerumani. Kiwango cha ada hii hupangwa na mtandao wa kadi, ingawa mtandao wenyewe haupati hata senti yake. Ndipo penye fumbo. Mtu angetarajia Visa na Mastercard wakishindana bei ishuke, lakini wanachoshindania kwanza ni benki: kila mmoja anataka benki zitoe kadi zenye nembo yake. Benki nayo huangalia kadi ipi itaiingizia zaidi. Mtandao unaopunguza ada unajiweka katika hatari ya kukimbiwa na benki, na muuzaji hana ubavu wa kujibu, kwa kuwa kukataa kadi ni kumfukuza mteja. Kwa hiyo ushindani huo huisukuma bei juu.

Ada hii haikuzaliwa kwa hila. Mtandao ulioitwa baadaye Visa uliweka kiwango kimoja mwaka 1971, wakati benki za Marekani zilipokuwa zikigombana juu ya nani amlipe nani pale mteja wa benki moja anaponunua kwa mteja wa nyingine. Hoja ya benki ilikuwa, na bado ni, kwamba anayetoa kadi ndiye anayebeba mzigo: mteja asiyelipa mkopo, mwizi aliyeiba namba, siku za kusubiri malipo. Kwa kadi ya mkopo hoja hiyo ina uzito. Kwa kadi inayokata salio lililopo inalegea sana.

Tume ya Ulaya haikuridhika nayo. Mwaka 2007 iliamua kwamba ada za Mastercard za kuvuka mipaka zinabana ushindani, na mwaka 2014 mahakama ya juu ya Umoja wa Ulaya ikaukubali uamuzi huo. Sheria ikafuata: tangu Desemba 2015 ada ya baina ya benki ndani ya soko la Ulaya haizidi asilimia 0.2 kwa kadi ya kawaida na asilimia 0.3 kwa kadi ya mkopo ya mtu binafsi. Zile peni 20 za muuza viatu zilitoka hapo.

Zikabaki kadi za wageni. Mwaka 2019 Visa na Mastercard waliahidi kwamba kadi iliyotolewa nje ya Ulaya, iwe ya Dar es Salaam au ya New York, ikitumika kwa mkono dukani Paris italipiwa 0.2 au 0.3 ileile. Ikitumika kwa intaneti, kikomo ni asilimia 1.15 kwa kadi ya kawaida na 1.5 kwa ya mkopo, kwa maelezo kwamba wizi ni rahisi zaidi mahali kadi haionekani.

Uingereza ilipotoka kwenye soko la pamoja mwishoni mwa 2020, ikawa mgeni. Sheria ya 2015 haikuyafunga tena mauzo kati yake na Ulaya, na mitandao yote miwili ikachukua viwango vya wageni na kuvitumia kwa mauzo ya intaneti. Hatari ya wizi kati ya Manchester na Berlin haikuwa imeongezeka mara tano kwa sababu ya kura. Msimamizi wa malipo wa Uingereza alikadiria kwamba wafanyabiashara wa nchi hiyo walilipa pauni milioni 150 hadi 200 za ziada kwa mwaka. Kampuni kubwa yenye tawi Ulaya iliweza kuyapitishia mauzo hayo huko na kukwepa. Muuza viatu hana tawi.

Hata hivyo, kuweka kikomo si sawa na kumfikishia muuzaji nafuu. Mwaka 2021 msimamizi huyohuyo aligundua kwamba wafanyabiashara wadogo na wa kati wa Uingereza walipata kidogo sana, au hawakupata kitu, kutokana na punguzo la 2015. Sababu iko kwenye hati ya makato. Wengi wao hutozwa kiwango kimoja cha jumla, tuseme asilimia 1.5 kwa kila kadi, na ada ya baina ya benki inaposhuka ndani yake, tofauti inabaki kwa benki ya muuzaji bila mtu kuiona. Wakubwa hudai hati iliyogawanywa safu tatu: ya benki iliyotoa kadi, ya mtandao, na ya benki yao. Kwenye hati ya namna hiyo safu ya kwanza ikishuka, jumla hushuka siku hiyohiyo, na bei ya kujadiliana na benki hubaki ile safu ya tatu peke yake.