Kodi Iliyoongezwa Mara Mbili

Kwa wauzaji waliosajiliwa VAT Tanzania Bara, kosa la ankara ni rahisi kutokea: karani anachukua bei ambayo tayari ina kodi ya asilimia 18, anaiongezea kodi tena.

Tuseme duka la vifaa vya ujenzi limeuza mabati kwa shilingi 1,180,000, VAT ikiwemo, lakini ankara ikatoka na 1,392,400. Mteja amezidishiwa 212,400.

Ujumbe wa kurekebisha hauhitaji hadithi ndefu:

“Ndugu mteja, samahani. Katika ankara namba 47 tuliongeza VAT juu ya bei iliyokuwa nayo tayari. Kiasi sahihi ni 1,180,000: mabati 1,000,000, VAT 180,000. Tumeambatisha hati ya marekebisho. Kama umeshalipa, tutakurudishia 212,400.”

Basi. Kumsukumia lawama karani au kompyuta hakumsaidii mteja.

Hati hiyo itaje namba na tarehe ya ankara ya awali, kwa sababu huenda mhasibu wa mteja ameshaiingiza vitabuni. Tena ichanganue tofauti: katika 212,400 zilizozidi, kodi ni 32,400 tu, 180,000 ni bei ya mabati iliyovimba.