Kopo la Protini au Sahani ya Dagaa?

Saa 12 jioni, katika jimu ya uani jijini Dar es Salaam, vyuma vya kunyanyulia ni mabomba yaliyotiwa makopo ya saruji kila upande. Jasho halijakauka, chupa zinaanza kutikiswa: kijiko cha unga, maji baridi, kisha kugugumia mpaka tone la mwisho. Kando yao amekaa kijana asiye na kopo. Anavitazama vifua vya wenzake na kuamini kwamba siri yote imo kwenye ule unga.

Unga wenyewe hauna siri kubwa. Maziwa yakigandishwa kutengeneza jibini, hubaki maji ya rangi ya njano iliyofifia. Maji hayo yamebeba karibu sehemu moja kati ya tano ya protini yote ya maziwa. Viwanda vingi vilikuwa vikiyamwaga au kuwapa nguruwe. Siku hizi huyachuja, huyakausha, huyatia ladha ya chokoleti au vanila na kuyauza kwa jina la wei. Kijiko kimoja cha kopo, kwa kawaida gramu 30 za unga, hutoa gramu 20 hadi 25 za protini. Mayai manne hutoa kiasi hichohicho.

Kwa hiyo swali la kwanza si kama unga unafanya kazi. Unafanya, kama maziwa na mayai yanavyofanya. La kuuliza ni kama sahani ya mnywaji imepungukiwa.

Mtu mzima asiyefanya mazoezi mazito anahitaji takribani gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Anayenyanyua vyuma anahitaji zaidi, lakini si bila kikomo. Mwaka 2018 watafiti walikusanya matokeo ya tafiti 49 na kuyachapisha katika jarida la Uingereza la tiba ya michezo. Waliona kwamba nyongeza ya protini husaidia kujenga misuli hadi kufikia takribani gramu 1.6 kwa kilo. Kuzidisha hapo, kwa wastani, hakukuleta faida ya kuonekana.

Sasa tumchukue kijana wa kilo 70. Kikomo chake ni gramu 112 kwa siku. Asubuhi anakula mayai matatu na glasi ya maziwa: gramu 26. Mchana anapata ugali wa gramu 150 za unga wa mahindi, bakuli la maharage na kipande cha samaki cha gramu 100 kilichopikwa, na jumla inapanda kwa gramu 53 hivi. Jioni anatafuna konzi ya karanga, gramu nane. Usiku ni wali na gramu 30 za dagaa wakavu, yaani gramu 25 nyingine. Amefika 112 bila kugusa kopo. Akiongeza vijiko viwili vya unga juu ya hapo, mwili hauna ghala la kuwekea protini ya ziada: naitrojeni yake hutolewa kwa mkojo, na kilichobaki huchomwa kama nishati au hugeuka mafuta.

Katika hesabu hiyo, ugali na maharage wanafanya kazi ambayo namba hazionyeshi. Protini ya mahindi ina upungufu wa laisini, moja ya asidi amino ambazo mwili hauwezi kujitengenezea. Maharage yana laisini tele ila yamepungukiwa methionini, ambayo mahindi yanayo. Aliyepika makande alikuwa akiziba pengo hilo kabla maabara haijalipa jina.

Yai nalo lina lake. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, waliwapa vijana kumi mayai mazima au ute mweupe peke yake baada ya mazoezi, kwa kiwango kilekile cha protini. Misuli ya waliokula yai zima ilijijenga kwa kasi zaidi. Wanaotupa kiini wanapoteza kitu. Wanaokunywa mayai mabichi kwa glasi wanapoteza zaidi: utafiti wa Ubelgiji wa mwaka 1998 ulionyesha kwamba mwili hufyonza karibu asilimia 91 ya protini ya yai lililopikwa, na asilimia 51 tu ya yai bichi.

Upande wa fedha, bei ya kopo zima haisemi mengi; igawanywe kwa gramu za protini. Tuseme kopo la vijiko 30, kila kimoja gramu 24, linauzwa shilingi 150,000. Hizo ni gramu 720, kila gramu kwa shilingi 208. Trei ya mayai 30 ikiwa shilingi 10,800, inatoa gramu 180, kila gramu kwa shilingi 60. Msomaji aweke bei za soko lake, pamoja na dagaa na maharage, aone pengo lake mwenyewe.

Lebo pia isomwe kabla ya kulipa. Gramu 24 za protini ndani ya kijiko cha gramu 30 ni asilimia 80. Huo ni unga wa protini kweli. Gramu 24 ndani ya gramu 60 ni asilimia 40, na sehemu kubwa ya kilichobaki mara nyingi ni wanga na sukari, hasa katika makopo yanayoahidi kunenepesha. Kuna na ujanja mwingine: kipimo cha kawaida cha kiwandani huhesabu naitrojeni, si protini yenyewe, hivyo mtengenezaji akitia glisini au taurini za bei rahisi, namba ya lebo hupanda bila misuli kupata chochote cha maana. Majina hayo yakionekana mwanzoni mwa orodha ya viambato, kopo lirudishwe rafuni.

Wapo ambao pesa yao haipotei. Mwanamichezo anayefanya mazoezi alfajiri, akaingia kazini moja kwa moja, na chakula chake cha kwanza ni saa 7 mchana, anaziba pengo kwa kijiko kimoja. Anayefunga Ramadhani huku akinyanyua vyuma ana saa chache kati ya futari na daku, na tumbo lililojaa viazi na tambi halina nafasi ya nyama nyingi. Tumbo likijaa gesi baada ya kunywa, laktosi huenda ndiyo chanzo, maana watu wazima wengi hawaimeng'enyi vizuri. Unga uliochujwa zaidi una laktosi kidogo sana. Mwenye ugonjwa wa figo asianze kabla ya kuongea na daktari wake.

Na yupo mnywaji ambaye jimu haimfahamu: bibi wa miaka 75, meno yamepungua, nyama haitafuniki, hamu ya kula imekwisha baada ya homa ndefu. Wataalamu wa lishe ya wazee wanapendekeza gramu 1 hadi 1.2 kwa kilo, zaidi ya kijana asiye na mazoezi, kwa sababu misuli ya uzeeni huitikia protini kwa uvivu. Bibi wa kilo 50 anayeishi kwa chai na mkate hafiki hata nusu ya gramu 50 anazohitaji. Kijiko kimoja kikikorogwa ndani ya uji uliopoa kidogo, ili usifanye madonge, kinampa karibu nusu ya mahitaji ya siku katika kikombe anachoweza kukimaliza. Hamu ikirudi, uji huohuo unaweza kutiwa karanga zilizosagwa na maziwa, na kopo likabaki kabatini.