Utafiti mzito katika ukurasa mmoja

Muhtasari wa makala ya kitaalamu hauandikwi kwa kufupisha kila aya. Anayeuandika husoma ikisiri, kisha majedwali ya matokeo, kisha sehemu ya mbinu, na hatimaye mjadala, ambamo watafiti wenyewe hueleza kasoro za kazi yao. Hapo ndipo anapojiuliza: waliulizwa nini, wakajibu nini, na jibu hilo linamhusu nani?

Mfano mzuri ni ripoti ya mwisho ya majaribio makubwa ya chanjo ya malaria, RTS,S, iliyotoka mwaka 2015 katika jarida la Lancet. Watoto 15,459 walishiriki katika nchi saba za Afrika, Tanzania na Kenya zikiwamo. Kwa waliochanjwa wakiwa na umri wa miezi 5 hadi 17 na kupata dozi zote nne, ufanisi dhidi ya malaria ulikuwa asilimia 36 katika muda wa takriban miaka minne.

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Huandika kwamba chanjo hulinda watoto 36 katika kila 100, na waliobaki hawapati kitu. Sivyo. Asilimia hiyo inalinganisha idadi ya mara ambazo watoto waliugua: penye matukio 100 ya malaria kwa wasiopewa chanjo hii, waliopewa walipata kama 64. Kwa kuwa mtoto mmoja huweza kuugua mara kadhaa, ripoti ilikadiria kwamba matukio 1,774 yaliepukwa kwa kila watoto 1,000 waliochanjwa. Kwa mzazi, takwimu hii ya pili ina maana zaidi kuliko asilimia, nayo ndiyo inayostahili kutangulia.

Sentensi ya ukurasa huo basi inaweza kusomeka hivi: "Chanjo ilipunguza malaria kwa zaidi ya theluthi moja, lakini haikuizuia kabisa, hivyo chandarua bado kinahitajika." Maneno kama "ufanisi" na "kundi la kulinganisha" yanaweza kuachwa. Dozi ya nne haiwezi kuachwa, kwa sababu walioikosa walishuka hadi asilimia 28, na dhidi ya malaria kali kinga yao kwa kipindi chote ilikuwa karibu na sifuri.

Habari isiyopendeza nayo haifichwi. Katika rika hilo, homa ya uti wa mgongo iliwapata watoto 21 kati ya takriban 5,950 waliochanjwa, na mmoja tu kati ya takriban 2,970 wa kundi jingine. Watafiti hawakusema chanjo ndiyo iliyosababisha, na muhtasari hauna ruhusa ya kusema zaidi yao.

Rasimu ikiisha, apewe mtu asiye mtaalamu aisome, kisha aeleze kwa maneno yake asilimia 36 ni ya nini. Akijibu "watoto 36 katika 100", aya hiyo iandikwe upya.