Unyevu wa Udongo, Kiwango cha Mnyauko na Athari za Siku za Ukavu Katikati ya Msimu kwa Mahindi Yanayochanua: Mfano wa Nyanda Kame za Dodoma

Jumla ya mvua ya msimu ni kipimo kinachotajwa sana katika taarifa za mavuno, lakini ni kipimo kinachoeleza machache. Dodoma hupata wastani wa kati ya milimita 550 na 600 kwa mwaka, karibu zote zikinyesha kati ya Desemba na Aprili. Misimu miwili yenye jumla inayolingana inaweza kuleta mavuno tofauti kabisa, mmoja ukajaza ghala na mwingine ukaacha magunzi matupu. Makala hii inaeleza chanzo kimoja cha tofauti hiyo, yaani siku za ukavu zinazoangukia wakati mahindi yanatoa mbelewele na ndevu. Hoja inayotetewa ni kwamba madhara makubwa hutokea kabla udongo haujafika kiwango cha mnyauko. Kwa hiyo kiwango hicho, ingawa ni msingi wa hesabu zote, hakipaswi kuchukuliwa kuwa mpaka wa hatari.

Ni vyema kuanza na maana ya viwango viwili. Baada ya mvua kubwa, maji yaliyojaza matundu makubwa ya udongo huteremka chini kwa nguvu ya uvutano. Siku moja hadi tatu baadaye mteremko huo hupungua sana, na maji yanayobaki hushikwa na chembe za udongo na matundu madogo. Hali hiyo huitwa hapa kiwango cha ushikaji. Mizizi inapoendelea kunyonya, maji yanayosalia hushikwa kwa nguvu zaidi na zaidi, mpaka mmea unaponyauka na kushindwa kuinuka hata ukikaa usiku kucha katika hewa yenye unyevu mwingi. Hicho ndicho kiwango cha mnyauko wa kudumu. Briggs na Shantz walikichunguza nchini Marekani mwanzoni mwa karne ya 20 kwa kunyausha miche kwenye vyombo, na baadaye alizeti ukawa mmea wa kawaida wa jaribio hilo. Maabara za leo hukikadiria kwa kukamua sampuli ya udongo juu ya bamba la kauri kwa shinikizo la kilopaskali 1,500.

Namba hiyo ni ya makubaliano. Mimea mingine huvuta maji yaliyoshikwa kwa nguvu kubwa zaidi. Hata hivyo, kosa linalotokana na makubaliano hayo ni dogo, kwa kuwa katika ukavu wa namna hiyo maji yaliyosalia ni haba mno. Hasa katika udongo wa kichanga, kuongeza shinikizo maradufu hutoa maji kidogo tu ya ziada. Udanganyifu mkubwa zaidi umo katika udongo wa mfinyanzi, ambao huonekana na hata kushikika kuwa na unyevu ilhali mmea uliomo una kiu. Mfinyanzi unaoshika asilimia 36 ya ujazo wake katika kiwango cha ushikaji unaweza kubaki na asilimia 22 katika kiwango cha mnyauko. Sehemu inayomfaa mmea ni asilimia 14 tu, na zaidi ya nusu ya maji ya udongo huo si mali ya mmea.

Tuchukue sasa shamba la mfano lenye udongo mwekundu wa kichanga tifutifu. Kiwango cha ushikaji ni asilimia 22 ya ujazo, na kiwango cha mnyauko ni asilimia 10. Tofauti ya asilimia 12, ikizidishwa kwa kina cha mizizi cha milimita 800, hutoa milimita 96 za maji yanayopatikana. Mahindi yaliyofunika ardhi hutumia takriban mara 1.2 ya mahitaji ya nyasi ya rejea. Siku ambayo mahitaji ya rejea ni milimita 5, mahindi yatahitaji milimita 6. Kwa mgawanyo rahisi, milimita 96 zingetosha siku 16, na mtu anayetazama kiwango cha mnyauko peke yake angesema ukavu wa wiki mbili hauna madhara.

Hesabu hiyo si sahihi, kwa sababu mmea haunyonyi maji ya mwisho kwa wepisi uleule wa maji ya kwanza. Kadiri udongo unavyokauka, tabaka la maji linalozunguka chembe huwa jembamba na njia ya maji kuelekea mzizi huwa ndefu na yenye vizuizi. Mmea hufunga vitundu vya majani ili usipoteze zaidi, na kwa kufanya hivyo hupunguza pia hewa ya ukaa inayoingia kutengeneza sukari. Chapisho namba 56 la Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, la mwaka 1998, linakadiria kwamba mahindi huchota kwa urahisi asilimia 55 ya maji yanayopatikana pale mahitaji yanapokuwa milimita 5 kwa siku, na kidogo pungufu mahitaji yanapozidi. Kwa milimita 6, sehemu hiyo hushuka hadi asilimia 51. Ikivukwa, unyonyaji hupungua kwa uwiano ufuatao, ambapo M ni maji yote yanayopatikana, U ni upungufu uliokwishafikiwa, na p ni ile sehemu ya maji rahisi:

```
K = (M - U) / ((1 - p) * M)
```

Katika shamba la mfano, maji rahisi ni milimita 49, yaani ya siku nane. Siku ya tisa udongo huwa umefika mpakani. Siku ya kumi mmea hupata milimita 5.4 badala ya 6, siku ya 12 hupata 4.1, na siku ya 15 hupata 2.7 tu. Jioni ya siku hiyo ya 15 bado kuna zaidi ya milimita 18 juu ya kiwango cha mnyauko. Udongo haujaisha maji, lakini mmea unapata chini ya nusu ya mahitaji yake.

Hayo ni kwa shamba lililoanza likiwa limejaa, hali isiyo ya kawaida sana. Pale jembe la mkono au la ng'ombe limekuwa likilima kina kilekile kwa miaka mingi, tabaka gumu huzuia mizizi. Ikiwa mizizi imeishia milimita 500, maji yanayopatikana ni milimita 60 na maji rahisi yanatosha siku tano. Kufikia siku ya kumi mmea hupata milimita 2.5. Ukavu wa siku kumi katika shamba hili ni mkali kuliko ukavu wa siku 15 katika shamba la kwanza, ingawa kituo cha hali ya hewa kinaweza kuwa kimoja na mvua iliyorekodiwa ikawa ileile.

Swali linalofuata ni kwa nini wakati wa kuchanua uwe na uzito wa pekee. Jibu limo katika maumbile ya mahindi yenyewe. Mbelewele zipo kileleni na gunzi lipo ubavuni, na kila punje inategemea uzi mmoja wa ndevu unaorefuka mpaka utoke nje ya maganda. Uzi huo hurefuka kwa seli zake kujaa maji, kwa hiyo ni miongoni mwa sehemu za kwanza kudumaa maji yanapopungua. Mbelewele huathirika kidogo zaidi na huweza kumwaga chavua kwa tarehe yake. Matokeo yake ni kwamba pengo la siku kati ya chavua na ndevu hupanuka. Ndevu za sehemu ya chini ya gunzi hutangulia kutoka na za nchani hutoka mwisho, hivyo nchani ndiko chavua hukosekana kwanza.

Kuna pia hasara ya pili, inayotokea baada ya punje kutungwa. Punje changa huhitaji sukari mfululizo, na vitundu vya majani vikiwa vimefungwa sukari hiyo hupungua. Mwaka 1991 Boyle, Boyer na Morgan walionyesha kwamba kuingiza mchanganyiko wenye sukari katika shina la mahindi yenye kiu kuliokoa sehemu ya punje ambazo zingekufa. Jaribio hilo lina uzito kwa sababu linatenganisha mambo mawili yanayoenda pamoja shambani: punje nyingi hufa kwa njaa inayosababishwa na kiu, si kwa kiu yenyewe.

Hasara hizo mbili zinaweza kutofautishwa shambani. Siku chache baada ya ndevu kutoka, gunzi humenywa kwa uangalifu na kutikiswa. Uzi wa punje iliyotungwa huachia na kudondoka, na wa punje isiyotungwa hubaki umeshika. Nyuzi nyingi zikibaki, tatizo ni la chavua na wakati. Zikidondoka zote, kisha nchani zikaonekana punje ndogo zilizosinyaa, tatizo ni la sukari. Uchunguzi huu hufanywa mara chache, na tathmini nyingi hutegemea rangi ya majani, kigezo kinachopotosha. Mvua ikirudi siku ya 16, majani yaliyojikunja hufunguka na shamba hurudia ukijani wake. Idadi ya punje hairudi.

Uzito wa kipindi hiki ulipewa namba na Doorenbos na Kassam mwaka 1979. Kwa mahindi, kila asilimia moja ya upungufu wa maji wakati wa kuchanua huondoa takriban asilimia 1.5 ya mavuno, ilhali katika ukuaji wa majani huondoa asilimia 0.4 tu. Katika shamba la kwanza mmea ulipata takriban milimita 77 kati ya 90 zilizohitajika kwa siku 15, upungufu wa asilimia 14, na mwafaka huo unatoa hasara ya mavuno ya takriban asilimia 21. Makadirio haya yachukuliwe kwa tahadhari. Upungufu wote umerundikana katika siku sita za mwisho, na kati ya siku ya 11 na ya 15 unafikia asilimia 40. Ndevu zikitoka katika siku hizo, hasara yaweza kuwa kubwa zaidi. Zikiwa zimetoka na kupata chavua siku ya nne, yaweza kuwa ndogo zaidi. Wastani wa hatua nzima hauoni tofauti hiyo.

Mahindi yaliyopandwa Dodoma katikati ya Desemba huchanua mwezi Februari, na Februari ndiyo mvua za huko huwa na tabia ya kukatika. Mtama kwa kipimo kilekile cha mwaka 1979 una mwafaka wa 0.55 wakati wa kuchanua, karibu theluthi ya ule wa mahindi. Ua la mtama hubeba dume na jike pamoja, hivyo halitegemei uzi mrefu wa kungojewa. Kwa anayebaki na mahindi, matuta yenye vizuizi yanayozuia milimita 20 za maji ya mtiririko kabla ya ukavu huongeza zaidi kidogo ya siku tatu za maji rahisi, mradi mizizi iwe na nafasi ya kuyapokea. Katika shamba lenye tabaka gumu, udongo wa juu ukiwa umejaa tayari, maji hayo husimama juu ya tabaka au kupotea kwa mvuke, na siku hizo tatu hazipatikani mpaka tabaka lipasuliwe.