Asilimia ya Chaji Isiyopimwa na Simu

Umefungua kikasha cha vipokea sauti vyako vya masikioni, na simu inaandika: kushoto asilimia 70, kulia 50, kikasha 40. Simu haikupima chochote. Imepokea ujumbe kwa Bluetooth na kuuonyesha kama ulivyo. Aliyekadiria ni kila kipande chenyewe.

Betri ya lithiamu iliyojaa huwa na volti 4.2 hivi, na inapokaribia kuisha hushuka kuelekea 3. Saketi ndogo ndani ya kipande husoma volti hizo na kuzilinganisha na jedwali aliloweka mtengenezaji. Ugumu uko katikati ya safari, kwani hapo volti hushuka polepole mno, kisha mwishoni huporomoka. Ukikosea kidogo tu katika kusoma, umekosea asilimia nyingi. Tena ukipandisha sauti, betri huvutwa zaidi na volti hushuka kwa muda, ingawa chaji haijaisha kiasi hicho. Ndiyo maana 30 inaweza kukaa muda mrefu, halafu kipande kikazima ghafla, hasa betri ikiwa imezeeka na jedwali bado ni lile la betri mpya.

Ujumbe wenyewe nao una ufinyu wake. Vifaa vingi hutuma amri hii iliyobuniwa na Apple:

```
AT+IPHONEACCEV=1,1,6
```

Namba ya mwisho ndiyo chaji, nayo huanzia 0 hadi 9 tu. Simu huongeza moja, ikazidisha kwa kumi, ikapata 70. Kwa njia hii huwezi kuona 73 kamwe. Zipo njia nyingine zinazobeba asilimia mojamoja, lakini hazifanyi makadirio yenyewe kuwa sahihi zaidi.

Kushoto na kulia hutofautiana kwa sababu kazi zao si sawa. Katika vifaa vingi, kipande kimoja ndicho kinachoongea na simu au kutumia maikrofoni wakati wa maongezi, basi huchoka mapema.

Kikasha kina hesabu yake. Chukua kikasha cha mAh 400 na vipande vya mAh 50 kila kimoja, vyote viwili vikiwa asilimia 20. Kuvijaza kunahitaji mAh 80, lakini sehemu ya umeme hupotea kama joto, hivyo kikasha hutoa kama 100. Vipande vimepanda asilimia 80. Kikasha kimeshuka 25. Vikasha vingi pia havina Bluetooth: hupitisha habari zao kwa vipande kupitia pini za kuchajia. Vipande vikiwa masikioni, simu hubaki na namba ya mwisho, au huificha.

Upande mmoja ukiamka na chaji ndogo baada ya kulala kikashani, futa pini kwa kitambaa kikavu. Ukifika 100 kila mara lakini ukaisha mapema hata unapobadilisha matumizi, betri yake imechoka.