Kwenda Guangzhou ukitokea Ruiru: safari huanza kitandani, siku sita kabla

Sisi watu wa Pwani tulio huku bara tumejaa kwenye biashara kuliko watu wanavyodhani. Ukishuka Thika mjini ukazunguka maduka ya viatu na mikoba, hukosi kusikia Kiswahili cha Mvita au cha Lamu. Wengi wanalala Ruiru, wanafungua duka Thika, na kila mwaka mmoja wao hupanda ndege kwenda Guangzhou kutafuta mzigo. Maonyesho ya Canton ya vuli hufunguliwa kule tarehe 15 Oktoba, na awamu ya tatu, ambayo ndiyo ya nguo, viatu na mikoba, huanza tarehe 31 Oktoba.

Mwaka juzi mpwa wangu alikwenda. Alishuka alasiri, usiku akagaagaa hadi karibu alfajiri, na asubuhi yake saa tatu alikuwa mbele ya muuzaji, kalamu mkononi. Alisaini oda ya viatu vya watoto, kumbe karatasi ilikuwa na jozi zote za namba mbili tu, kubwa na ndogo, za katikati hakuna. Alipoulizwa na mamake alisema, "Wallahi mama, niliisoma ile karatasi mara tatu." Mimi namwamini. Uchina iko mbele yetu kwa saa tano. Saa tatu asubuhi ya Guangzhou ni saa kumi usiku ya Ruiru, na saa kumi usiku macho husoma lakini akili haisomi.

Mwaka huu aliniambia, "Mjomba, nitafutie dawa ya hii kitu." Dawa ipo, lakini si kidonge. Nieleze kwanza kinachotokea.

Ndani ya ubongo kuna saa, na saa hiyo haijui kuwa umepanda ndege. Inajua mwanga na giza tu. Usiku joto la mwili hushuka polepole hadi linafika chini kabisa, kisha linaanza kupanda. Hapo chini kabisa tupaite kina cha usiku. Kwa mtu wa kawaida kina hicho huja kama saa mbili au tatu kabla ya muda anaoamka mwenyewe bila kengele. Mpwa wangu hulala saa tano usiku na kuamka saa kumi na mbili asubuhi, kwa hiyo kina chake kiko kati ya saa tisa na saa kumi usiku. Tuchukue saa kumi, tuwe salama.

Hapa ndipo watu wengi hawapajui. Mwanga mkali ukikupata baada ya kina, saa ya mwili inasogea mbele, yaani kesho utasinzia mapema na kuamka mapema. Ndivyo anavyotaka mtu anayekwenda mashariki. Lakini mwanga ukikupata kabla ya kina, saa inarudi nyuma. Sasa fikiria yule kijana asubuhi ya kwanza Guangzhou. Kina chake cha Ruiru cha saa kumi usiku kimeangukia saa tatu asubuhi ya kule. Jua la Guangzhou mwisho wa Oktoba huchomoza kitu kama saa kumi na mbili na nusu. Akitoka saa moja kutembea juani, kama alivyoshauriwa na kila mtu kwamba "toka upate jua la asubuhi", amepata mwanga kabla ya kina, na saa yake inasukumwa nyuma, upande wa Ulaya, wakati yeye yuko Uchina. Ndiyo maana wengine hukaa wiki nzima wakidhani mwili umegoma.

Basi kuna njia mbili. Ukiwa hukujitayarisha, kaa ndani mapazia yamefungwa hadi saa tatu au saa nne asubuhi ya kule, au ukilazimika kutoka vaa miwani nyeusi, kisha tafuta jua kwa nguvu hadi adhuhuri. Kila siku punguza kama saa moja. Inafanya kazi, lakini inakula asubuhi zako, nazo ndizo ulizolipia tiketi.

Njia ya pili ni kukisogeza kina ukiwa bado nyumbani. Ukikirudisha kutoka saa kumi usiku hadi saa saba usiku ya Kenya, kule kitaangukia saa kumi na mbili asubuhi, na jua la Guangzhou litachomoza kikiwa kimeshapita. Kuanzia hapo jua lenyewe litakumalizia zile saa mbili zilizobaki. Kwa hiyo huhitaji kusogea saa zote tano. Saa tatu zinatosha, na hata ukipata mbili umefaidika.

Mwili haukubali kurushwa. Kitanda unaweza kukisogeza saa tatu kwa usiku mmoja, saa ya ndani haitakufuata. Tulipanga saa moja kwa kila siku mbili. Ndege yake ilikuwa ya usiku wa tarehe 29 Oktoba, saa tano. Tarehe 23 na 24 akalala saa nne usiku na kuamka saa kumi na moja alfajiri. Hiyo ni rahisi, ni saa ya kuamkia Sala ya Alfajiri tu, tofauti ni kwamba harudi kitandani. Tarehe 25 na 26 akalala saa tatu, akaamka saa kumi. Tarehe 27 na 28 akalala saa mbili usiku, akaamka saa tisa usiku. Aliyezoea daku anajua kuamka saa hizo si ajabu. Ugumu uko kwenye kulala saa mbili.

Huku kwetu karibu na ikweta tuna shida moja na faida moja. Shida ni kwamba mwaka mzima jua huchomoza baada ya saa kumi na mbili, kwa hiyo anayeamka saa tisa usiku hana jua. Balbu moja ya sebuleni haitoshi. Mwanga wa chumba ni mdogo mara nyingi kuliko wa nje hata siku ya mawingu. Aliwasha taa zote nyeupe, akaongeza mbili za mezani karibu na uso, akakaa hapo akifanya hesabu za duka. Kukipambazuka akatoka nje. Kwenye matatu ya kutoka Ruiru kwenda Thika alikaa dirishani bila miwani, maana barabara inaelekea kaskazini mashariki na jua linakuwa mbele.

Jioni mambo hugeuka. Kutoka Thika kurudi Ruiru unaelekea jua linalozama, na mtu anayetaka kulala saa mbili hafai kulipokea jua la saa kumi na moja na nusu usoni. Saa hizo za karibu na kulala ni za kurudisha saa nyuma. Hapo ndipo miwani nyeusi ina kazi, na makondakta waseme watakalo. Faida yetu ni kwamba saa moja usiku giza limeshaingia kabisa. Nyumbani akazima taa kubwa, simu akaiweka mbali. Jirani wa Ruiru mwenye spika, huyo sina dawa yake, ila pamba za masikioni.

Chakula nacho kina saa yake. Ini na tumbo hufuata zaidi muda wa kula kuliko mwanga, na ndiyo maana wasafiri hupata gesi, kufunga choo, au njaa saa nane usiku. Chakula hakisogezi saa kubwa ya ubongo kama mwanga unavyofanya, tusidanganyane, lakini kikienda sambamba na usingizi, tumbo halibaki Ruiru. Chai na mahamri za saa moja asubuhi zikasogea hadi saa kumi alfajiri, chakula cha mchana saa nne au saa tano, na cha usiku, kilichokuwa saa tatu, kikawa saa kumi na mbili jioni. Kahawa tungu mwisho saa tano asubuhi, kwa sababu nusu ya ile kafeini huwa bado imo mwilini baada ya saa tano hivi.

Utajuaje kama saa imefuata? Ukifika muda wa kulala unapiga miayo bila kulazimishwa, na unaamka dakika chache kabla ya kengele. Ukilala ukabaki unaangalia dari saa nzima, kitanda kimekwenda na saa imebaki. Rudia ratiba ileile usiku mwingine mmoja kabla ya kusogea. Na aliyelala saa nne tu usiku asishike usukani barabara ya Thika alfajiri, apande gari la abiria.

Wengine hutumia melatonini. Kiasi kidogo, nusu miligramu hadi miligramu tatu, saa chache kabla ya kulala kupya, husaidia kusogeza saa mbele. Ikimezwa asubuhi inarudisha nyuma. Mwenye kifafa au anayetumia dawa za kuyeyusha damu amwone daktari kwanza. Na mwenye sukari anayejidunga insulini asisogeze milo wala sindano kwa kusoma makala yangu. Siku ya kwenda mashariki ni fupi kwa saa tano, na daktari wake ndiye wa kuipanga.

Siku ya ndege alitoka Ruiru mapema kwa baipasi ya mashariki, akala cha usiku kabla ya kuondoka, akaingia uwanja wa ndege na kofia na ile miwani yake. Saa ya mkononi nilimkataza kuibadilisha. Wengi husema ukipanda ndege weka saa ya unakokwenda. Mimi naona hapo ndipo hesabu hupotea, kwa sababu kina chako bado kinahesabiwa kwa saa ya nyumbani. Chakula kilicholetwa usiku wa manane alikikataa, akafunika macho. Ilipofika saa tisa na nusu usiku ya Kenya, kina kikiwa kimepita, akafungua pazia la dirisha, akala mahamri alizobeba, na hakulala tena. Anayepitia Dubai au Doha ana kazi zaidi, maana taa za viwanja vile ni kali usiku kucha. Miwani isitoke hadi muda huohuo.

Alishuka saa tisa alasiri ya kule. Alisinzia dakika 20 hotelini kwa kengele, akatembea hadi magharibi, akalala saa tano usiku, ambayo Ruiru ni saa kumi na mbili jioni. Alichelewa kidogo kupata usingizi, kama nusu saa. Asubuhi alitoka saa mbili, si saa moja, kwa sababu hatukuwa na hakika kwamba saa ya mwili ilimaliza saa tatu zote. Ikiwa ilisogea mbili tu, kina kiliangukia saa moja.

Hata hivyo asubuhi mbili za kwanza nilimwambia aangalie mali tu, achukue kadi na kupiga picha. Karatasi za kusaini akaziweka saa kumi alasiri, ambayo ni saa tano asubuhi ya Thika, wakati ambapo hata akiwa dukani kwake hakuna anayeweza kumuuzia jozi za namba mbili.